Horombo au Barranco? Kusoma picha ya njia ya Kilimanjaro

Picha nyingi za Kilimanjaro hutufikia bila maelezo, na nyingi zina vitu vilevile: mimea mirefu yenye shina nene na kishungi cha majani kileleni, watu wamebeba mabegi, na mlima wa barafu nyuma yao. Mwenye picha anasema tu, "Hapa ni siku ya tatu." Siku ya tatu ya njia ipi? Kambi mbili ni rahisi sana kuzichanganya katika hali hiyo. Moja ni Horombo, kwenye njia ya Marangu, penye mita 3,720. Nyingine ni Barranco, juu kidogo ya hapo, ambako wapandaji wa Machame, Lemosho na Umbwe hukutana. Kwa mstari wa moja kwa moja zimeachana kilomita 13 hivi. Zote mbili zina senesio, ile mimea mikubwa inayopenda mabonde yenye maji, na zote mbili zinamwona Kibo.

Sura hii inafuata maswali ambayo mtu anapaswa kuiuliza picha ya namna hiyo, na mpangilio wa maswali una uzito kuliko wingi wake. Watu huanza na kibao. Mimi nashauri kuanza na kisichohama: umbo la mlima na mahali ulipo mbele ya kamera. Kisha mwanga, kisha mimea, na mwisho vitu vilivyowekwa na binadamu. Kibao hung'olewa, hupakwa rangi upya na kubadilishwa maandishi. Mawenzi haondoki alipo.

Kabla ya yote, hakikisha ni Kilimanjaro kweli. Senesio kubwa hupatikana pia Mlima Kenya na Ruwenzori, na jamaa zake wanafanana machoni pa asiyezizoea. Dalili nzuri ni lobelia. Ukiona lobelia iliyosimama kama nguzo ya manyoya, yenye vijani vyembamba virefu vinavyoning'inia hata maua hayaonekani, hiyo ni Lobelia telekii. Imejaa Mlima Kenya, lakini Kilimanjaro haipo. Lobelia ya Kilimanjaro, Lobelia deckenii, ina nguzo ngumu zaidi, na maua yake ya buluu hujificha katikati ya majani mapana. Dalili hii hufanya kazi upande mmoja tu: ukiiona telekii, iondoe Kilimanjaro, usipoiona, bado hujathibitisha kitu.

Sasa tazama vilele. Kilimanjaro ina Kibo, mpana na wenye barafu, mita 5,895, na upande wake wa mashariki Mawenzi, wenye meno ya mawe, mita 5,149. Ukiwa kusini ya mlima, kama Moshi au Marangu, Kibo yuko kushoto kwako na Mawenzi kulia. Ukiwa kaskazini, kama Amboseli au kwenye njia ya Rongai, mambo yanageuka: Mawenzi kushoto, Kibo kulia. Ukiwa magharibi, kwenye uwanda wa Shira, Kibo anamfunika Mawenzi kabisa. Kwa hiyo picha inayoonyesha vilele vyote viwili inakupa nusu ya jibu kwa mtazamo mmoja. Kuna hatari moja hapa. Baadhi ya simu huhifadhi picha za kamera ya mbele zikiwa zimegeuzwa kama kwenye kioo, na slaidi za zamani mara nyingine zilichapishwa kinyume. Tafuta herufi yoyote, iwe kwenye koti, kofia au hema, uone kama inasomeka, ndipo uamini kushoto na kulia.

Pale Horombo, Mawenzi yuko karibu, kilomita tano hivi, kaskazini kidogo kuelekea mashariki. Kibo yuko kaskazini magharibi, umbali wa kilomita 11. Barranco hali ni tofauti kabisa. Kambi iko ndani ya bonde, chini ya uso wa kusini magharibi wa Kibo, na kilele kiko kilomita tatu na nusu tu, upande wa kaskazini mashariki. Mawenzi haonekani, kwa sababu Kibo mwenyewe na ukuta wa mashariki wa bonde wanamziba.

Umbali huo unazaa kipimo ambacho watu wachache hukitumia, nacho ni pembe ya kutazama juu. Kutoka Horombo, kilele cha Kibo kimeinuka nyuzi 11 tu juu ya usawa wa macho. Ngumi iliyonyooshwa mbele ya uso hufunika nyuzi 10 hivi, kwa hiyo Kibo wa Horombo anakaribia kimo cha ngumi moja. Kutoka Barranco pembe inafika nyuzi 30, yaani ngumi tatu. Kwenye picha tofauti hiyo haifichiki. Kamera kuu ya simu, ikilazwa, huona kama nyuzi 50 kutoka juu hadi chini. Ukiishika sawa bila kuiinua, usawa wa macho unapita katikati ya picha na kuna nyuzi 25 tu juu yake. Kibo wa Horombo anakaa humo kwa raha, kabla ya kufika nusu ya nafasi iliyo kati ya mstari wa katikati na ukingo wa juu. Kibo wa Barranco anakatwa kichwa, hivyo mpiga picha hulazimika kuinua simu au kuisimamisha wima. Akiiinua, mashina ya senesio pembeni mwa picha huegemea ndani, kana kwamba yanaelekea kukutana juu. Ukiona mashina yaliyoegemea hivyo pamoja na mlima unaojaza sehemu ya juu, uko karibu sana na ukuta wa mlima.

Kipimo hiki huvunjika picha ikiwa imevutwa kwa zumu au imekatwa. Uliza faili la asili. Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza saa ya kupigwa na mahali. Ikitumwa kama hati, hubaki navyo. Kwenye faili la asili utaona pia urefu wa lenzi, na hapo utajua kama mlima ulisogezwa.

Baada ya mlima, mwanga. Kilimanjaro iko nyuzi tatu kusini ya ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu mashariki kamili na kutua karibu magharibi kamili mwaka mzima, likipotoka kidogo kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Katikati ya mchana usitegemee vivuli: ni vifupi, na upande vinakolala hubadilika na msimu. Asubuhi na alasiri ndizo zinazosema. Asubuhi, mtu wa Horombo anayemtazama Kibo ana jua nyuma ya bega lake la kulia, na uso wa Kibo unang'aa mbele yake. Wakati huohuo Barranco iko kivulini, kwa kuwa ukuta wa mashariki umelizuia jua, na uso wa Kibo unaotazama kambi ni wa giza. Alasiri yanabadilika: Barranco inapata jua usoni mwa mlima, na Horombo jua linakuwa mbele ya kamera, upande wa kushoto.

Tuchukue picha moja na kuifanyia kazi. Imepigwa simu ikiwa imelazwa, saa 10:40 alasiri kwa mujibu wa faili, na mwenyewe ameandika chini yake "Horombo". Kuna mahema ya manjano, senesio tatu upande wa kushoto, na nyuma yake mlima mmoja wenye michirizi ya barafu iliyoning'inia kwenye miamba. Hakuna kibao. Mashina ya senesio yanaegemea ndani, kwa hiyo kamera iliinuliwa, na hata hivyo kilele kinakaribia kugusa ukingo wa juu. Faili linasema lenzi ni ya kawaida, hakuna zumu. Hilo peke yake linaiweka Horombo mashakani. Kisha vivuli: vya mahema vinalala kuelekea mlimani na kulia, vikimwacha mpiga picha nyuma. Jua, basi, liko nyuma yake upande wa kushoto. Saa hiyo jua liko magharibi, kwa hiyo anatazama kaskazini mashariki. Angekuwa Horombo akimtazama Kibo, vivuli vingemjia miguuni. Pembe na vivuli vinakubaliana, na ni ushahidi wa aina mbili zisizotegemeana. Hapo ndipo ninaposema Barranco bila kusita.

Angalia kwamba mahema hayakuhesabiwa. Wengi husema Horombo ina vibanda vya mbao vyenye paa la pembe tatu, kwa hiyo penye mahema si Horombo. Vibanda ni kweli, na Marangu ndiyo njia ya kupandia inayolaza watu vibandani. Lakini wanaopanda kwa Rongai hushukia Marangu na kulala Horombo kwenye mahema. Kibanda kikionekana kinathibitisha. Hema halikanushi kitu.

Na kama kibao kingekuwepo? Kwanza ujue ni cha aina gani. Kibao cha kambi huwa na jina la mahali na kimo chake, na mara nyingi umbali au saa za kwenda vituo vinavyofuata. Kibao cha njia panda kina mshale, na jina lililoandikwa juu yake ni la mahali ambapo hujafika bado. Picha nyingi zimepewa jina la kambi ya "Barafu" kwa sababu ya mshale uliokuwa unaelekea huko. Kimo kilichoandikwa nacho kichukuliwe kwa kiasi, kwani vibao vya miaka tofauti vimetoa tarakimu tofauti kidogo kwa kambi ileile.

Hatua ya mwisho ni kwenda hapo kwa Google Earth. Jiweke katikati ya kambi unayoidhania, shuka hadi kimo cha mtu, geukia upande uliopata kutoka kwenye vivuli, kisha linganisha mstari ambao mlima unauchora angani: mabonde madogo, mabega, meno ya mawe. Linganisha mistari hiyo, usilinganishe theluji. Theluji huanguka na kuondoka kwa wiki, na barafu yenyewe imepungua kutoka kilomita za mraba 11.4 mwaka 1912 hadi 1.76 mwaka 2011, hivyo picha ya zamani itakuwa na weupe mahali ambapo leo ni mwamba mtupu. Mstari ukishakubali, tafuta vitu viwili vinavyopangana, jabali la karibu na jino fulani la ukingo wa mbali. Kisha sogea kwenye ramani kushoto au kulia hadi mpangilio huo utokee. Kwa njia hii kambi nzima hupunguzwa kuwa eneo la makumi ya mita, ingawa Google Earth hulainisha majabali madogo na usitegemee kuyaona yote.

Unapoandika jibu, tenganisha ulichokithibitisha na ulichokikisia. Kwa picha yetu ningeandika: "Kambi ya Barranco, kamera inatazama kaskazini mashariki, alasiri, nafasi ndani ya kambi haijathibitishwa." Na kama picha ina senesio, ukungu na buti tu, bila mlima wala kivuli, andika kwamba ni bonde lenye maji, kwa kawaida kati ya mita 3,500 na 4,300, kisha mwombe mwenyewe akutumie picha iliyopigwa kabla yake na ile iliyofuata.