Kituo cha maziwa kufunguliwa nusu

Chukua vijiji vitatu vya wafugaji na sehemu mbili, A na B, panapoweza kuwekwa tangi la kupozea maziwa. Kufungua kila kituo hugharimu shilingi 40,000 kwa siku, yawe maziwa mengi au machache. Kusafirisha hadi A ni 10,000, 20,000 na 60,000. Hadi B ni 60,000, 30,000 na 10,000.

Kila kituo kipe herufi y: 1 kikifunguliwa, 0 kikifungwa. Herufi x ni sehemu ya maziwa ya kijiji inayokwenda kituoni. Jumla yake kwa kila kijiji ni 1.

Hatari iko kwenye sharti linalounganisha x na y. Wengi huandika, kwa kila kituo, x1 + x2 + x3 ≤ 3y. Ni sahihi, lakini kompyuta huanza kwa kuruhusu y iwe sehemu ya namba. Hapo hufungua theluthi mbili za A na theluthi ya B, ikapata 80,000, gharama isiyowezekana. Andika x ≤ y kwa kila kijiji peke yake, nayo hufika mara moja kwenye jibu la kweli: fungua vyote viwili, 120,000. A peke yake ni 130,000.