Msaidizi Ashike Simu, Namba ya Siri Aandike Mzee

Kwenye kibanda cha wakala pamebandikwa tangazo: usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Mzee wa miaka 75 akisomewa maneno hayo ataitikia kwa kichwa, kisha atapitisha simu yake dirishani na kusema, "Mwanangu, nitolee elfu sitini, namba yangu ni hii." Ataitaja kwa sauti, na foleni yote nyuma yake itasikia.

Mzee huyo hana ukaidi. Tangazo limemkataza jambo moja lakini halikumwambia nani atamsomea maandishi madogo ya kwenye kioo, wala afanye nini pale macho yenye mtoto wa jicho yanaposhindwa kutofautisha 6 na 8. Msaada anauhitaji kweli. Ndiyo maana ninapozungumza na wazee kwenye vikundi vyao vya kuweka na kukopa huwa sianzi na makatazo. Naanza kwa kuwaonyesha kwamba kazi ya kutoa pesa ina sehemu mbili, na ni sehemu moja tu ambayo mtu mwingine anaweza kuwafanyia.

Chukua M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008. Unabonyeza *150*00#, menyu inafunguka. Unachagua kutoa pesa, unachagua kwa wakala, unaandika namba ya wakala, unaandika kiasi. Mpaka hapo hakuna hata shilingi moja iliyotoka. Simu ikizimika, mtandao ukikatika au msaidizi akikosea, pesa iko palepale. Baada ya hapo ndipo simu inapoomba namba ya siri, tarakimu 4, na hizo ndizo zinazoifanya pesa itoke. Mitandao mingine ina menyu zake, lakini utaratibu unafanana.

Kwa hiyo maneno ya kumwambia mjukuu, jirani au wakala ni haya: "Nifikishe panapoulizwa namba ya siri, kisha nipe simu yangu." Wazee wengi huona haya kumnyima namba mtu anayewasaidia, kana kwamba wanamwita mwizi. Sentensi hii haimtuhumu mtu. Msaidizi mwema ataifurahia, kwa sababu siku pesa ikipotea, yeye hatakuwa wa kwanza kunyooshewa kidole.

Wakala naye haihitaji namba yako kwa lolote. Ana simu yake na namba yake ya siri ya kufanyia kazi. Unapoweka pesa, yeye ndiye anayeituma kutoka kwenye simu yake, na wewe huandiki namba ya siri popote. Wakala au kijana wa dukani akikuomba namba yako ya siri ili "akuwekee" pesa, rudisha noti zako mfukoni uondoke.

Linalowaponza wazee zaidi ni haraka. Menyu ya simu haisubiri. Ukikaa muda bila kubonyeza kitu inajifunga, na mzee mwenye vidole vizito hukatiwa katikati. Hapo ndipo kijana aliye pembeni, mara nyingi kwa nia njema kabisa, husema, "Bibi, nitajie tu, itafunga." Jibu ni kuiacha ifunge. Menyu ikijifunga kabla hujaandika namba ya siri, hakuna kilichokatwa. Anza tena, hata mara tatu. Wanaosubiri kwenye foleni watavumilia.

Namba hiyo inaweza kuzoeshwa vidole bila kutegemea macho. Kwenye simu ya kitochi kuna kinundu kidogo juu ya tarakimu 5. Kwa kidole gumba mzee anakipapasa kinundu kile, anajua 2 iko juu yake, 8 chini yake, 4 kushoto na 6 kulia. Akifanya zoezi nyumbani simu ikiwa imezimwa, asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, vidole vitaijua njia. Nimewaona wazee wasiojua kusoma wakiandika namba zao bila kutazama. Simu yenye kioo cha kugusa haina kinundu, na kwa mzee asiyeona vizuri hiyo ni sababu ya kutosha kumwachia kitochi chake, hata kama watoto wangependa kumnunulia simu kubwa.

Kuna jambo wengi hawalijui. Ukitumia menyu hizi za nyota na reli, mara nyingi tarakimu unazoandika huonekana wazi kwenye kioo, hazifichwi. Aliyesimama bega kwa bega nawe anazisoma. Basi geuka, weka mgongo ukutani, funika simu kwa khanga au kofia. Namba yenyewe isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Namba ya kitambulisho cha NIDA huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na mzee anayetembea na kitambulisho ndani ya mfuko wa simu anakuwa ameifunga namba yake pamoja na simu. Karatasi yenye namba iliyobandikwa nyuma ya betri nayo ni hatari ileile.

Mtu akiijua namba hiyo atafanya nini? Tumfikirie bibi mmoja mwenye salio la shilingi 180,000. Anataka 60,000. Tuseme makato ya kutoa ni 3,000. Salio lake lapaswa kubaki 117,000. Msaidizi anayeijua namba anaandika 70,000, anampa bibi 60,000, anafuta ujumbe. Salio sasa ni 107,000. Bibi akilalamika siku nyingine kwamba pesa yake inaisha upesi, ataambiwa makato yamepanda, na atakubali, maana makato kweli hubadilika.

Wizi wa namna hii hauonekani kwa urahisi kwa sababu ni mdogo na unajirudia. Ila unaacha alama. Ujumbe ukifutwa kwenye simu, kumbukumbu haifutiki kwenye mtandao. Kwenye menyu ya akaunti mnaweza kuomba taarifa fupi, nayo itaonyesha miamala ya karibuni pamoja na kiasi chake. Mtoto akija kumsalimu mama yake, waiangalie pamoja, mama mwenyewe akiandika namba. Na kila siku ya kutoa pesa, kabla ya kuondoka dirishani, ujumbe usomwe kwa sauti na mtu wa pili: kiasi kilichotoka, makato, salio. Pesa ihesabiwe papo hapo. Aliyesaidia kubonyeza asiwe yuleyule anayesoma.

Madhara hayaishii kwenye salio. Namba ileile ndiyo inayoomba mikopo ya simu, kama M-Pawa na Songesha. Anayeijua anaweza kukopa usiku simu ikiwa kwenye chaji, akajitumia pesa, na mzee asijue lolote hadi mwanawe atakapotuma 50,000 na sehemu yake ikamezwa na deni. Kumtajia mtu namba ya siri ni kama kumkabidhi karatasi tupu uliyokwisha kuipiga dole gumba. Atakachokiandika baadaye kitasomeka kuwa ni chako. Hivyo ndivyo mambo yanavyokuwa hata ukienda kulalamika, kwa kuwa muamala uliofanyika kwa simu yako na namba yako huonekana umeufanya wewe.

Kuna wazee wasioweza kabisa kuandika namba: asiyeona, aliyepooza mkono, anayesahau. Kuwaambia "jitahidini" ni kuwaonea, na hao hasa ndio wanaohitaji njia nyingine. Njia rahisi ni kuacha kutuma pesa kwenye simu ya mzee. Mtoto aliye mjini atume kwa mtu mmoja anayejulikana, kwa mfano mke wa kaka, kwa jina na simu ya huyo mtu, kisha ampigie mzee na kumwambia, "Mama, nimetuma elfu sitini kwa fulani." Hapo kuna aliyepokea, kuna kiasi, na mzee anajua cha kuuliza. Njia nyingine ni kulipa dukani moja kwa moja. Duka la kijiji au la dawa likiwa na lipa namba, mtoto analipa kutoka alipo, na mzee anachukua unga, sukari na dawa zake bila kugusa simu.

Kwa mstaafu ambaye pensheni yake huingia benki, mambo yafanyike benki. Aende tawini na mtu anayemwamini, aombe akaunti ya pamoja inayohitaji sahihi mbili, au aulize namna ya kumpa mtu idhini ya maandishi. Inachosha, na pengine itahitaji barua na picha, lakini idhini hiyo ina jina na mipaka, na inaweza kufutwa. Kadi ya benki na namba yake ya siri asimkabidhi bodaboda, na asiviweke rehani kwa wakopeshaji wa mikopo tunayoiita kausha damu. Anayeshika kadi na namba anaifikia pensheni kabla ya mwenyewe.

Simu zinazopigwa nyumbani nazo zina mtego wake. Mtu anajitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja, anasema pesa imekosewa au laini itafungwa, kisha anaomba namba. Hakuna mfanyakazi halali wa mtandao anayehitaji kuijua. Kata simu, kisha piga mwenyewe 100 kuuliza. Namba iliyokupigia au kukutumia ujumbe wa utapeli unaweza kuiripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Pesa ikishatoka, dakika zina thamani. Piga 100 mara moja, kwani pesa iliyotumwa ikiwa bado imo kwenye simu ya mpokeaji kuna uwezekano wa kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu mno. Usifute ujumbe wowote. Nenda kwenye duka la mtandao wako na kitambulisho, na polisi pia, ukiwa na ujumbe huo. Ikiwa umesahau namba au umekosea mara kadhaa mpaka huduma ikafungwa, usihofu: pesa haijapotea, na duka la mtandao litakusaidia kuweka namba mpya baada ya kukutambua.

Kwako uliyesoma hadi hapa ukiwa na mzazi kijijini: muulize kwa upole ni nani wanaoijua namba yake. Usimgombeze kwa jibu atakalokupa. Siku ileile mfungulie menyu, mpeleke hadi sehemu ya kubadili namba ya siri, mpe simu, kisha geuka utazame pembeni mpaka amalize kuandika.