Huruma haiivunji haki: tunajifunza nini kwa hakimu aliyekuwa baba?

Katika karne ya 7 kabla ya Kristo, mji wa Kigiriki wa Lokri, kusini mwa Italia, ulikuwa na mtunga sheria aliyeitwa Zaleuko. Mwandishi Mroma Valerio Masimo anasimulia kwamba, kwa sheria za mji huo, mzinzi alipaswa kutobolewa macho yote mawili. Siku moja aliyepatikana na hatia alikuwa mwana wa Zaleuko mwenyewe. Wananchi, kwa heshima ya baba, waliomba kijana asamehewe. Zaleuko alikataa kwa muda mrefu. Mwishowe alijitoboa jicho lake moja, kisha akamtoboa mwanawe jicho moja. Sheria ilipata macho mawili, na kijana hakubaki kipofu.

Mbona hakusamehe tu? Mtakatifu Toma wa Akwino anatusaidia kuelewa. Anafundisha kwamba hakimu hapunguzi adhabu apendavyo, kwa sababu haki anayoilinda si mali yake: ni ya aliyekosewa, na ni ya jamii nzima. Mtawala mkuu aweza kusamehe, lakini kwa masharti mawili: aliyekosewa aridhie, na manufaa ya wote yasidhurike. Huruma ya kweli hutoa kilicho chake mwenye huruma. Anayedaiwa dinari 100 akalipa 200, asema Toma, havunji haki, anaizidi.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Kijana ameiba shilingi 20,000 za jirani. Baba aweza kumpunguzia adhabu ambayo yeye mwenyewe angempa, kwa kuwa hiyo imo mikononi mwake. Hawezi kuzisamehe fedha za jirani. Akisema “yamekwisha” na jirani hajalipwa, hajawa mwenye huruma. Amekuwa mkarimu kwa mali ya mwingine. Kama kijana hana kitu, baba aweza kulipa kutoka mfukoni mwake, naye kijana amsaidie shambani. Hapo huruma imemgharimu baba, jirani amepata haki yake, na kijana ametambua uzito wa kosa.

Hata hivyo, mfano wa Zaleuko una mpaka wake. Yeye alibanwa na sheria, bali Mungu hana aliye juu yake, na dhambi ni kosa dhidi yake mwenyewe. Kwa hiyo, afundisha Toma, Mungu angeweza kutusamehe bila malipizi yoyote, asitende udhalimu. Alichagua njia ya Msalaba, akaubeba mzigo wetu katika Mwanawe.

Ndiyo maana katika Kitubio tunaondolewa dhambi bure, na bado padre anatupa malipizi. Aliyeiba anabaki na wajibu wa kurudisha alichoiba. Mungu ametusamehe lililo lake; la jirani bado linatungoja mlangoni kwake.