Nguvu na Umbo: Daftari la Majuma 12

Vijana wengi hutaka nguvu na umbo kwa pamoja, kisha wakaviacha vyote viwili. Tuchukue mfano wa kijana awezaye kupiga pushapu 8, na tumbo lake ni sentimita 96. Sisi twamshauri afungue daftari lenye kurasa mbili.

Ukurasa wa kwanza ni wa nguvu. Apige pushapu siku 3 kwa juma, mara 4 kwa siku, akipumzika kabla hajaishiwa, na ajipime kila baada ya majuma 2. Akifika 15 katika juma la 12, amefaulu. Nguvu hutangulia umbo, kwa kuwa mishipa ya fahamu hujifunza kabla misuli haijanenepa.

Ukurasa wa pili ni wa umbo, nalo hutegemea zaidi chakula. Apunguze sukari ya chai na sahani ya pili ya wali. Ajipime usawa wa kitovu kila baada ya majuma 4, asubuhi kabla ya kula. Sentimita 4 zatosha.

Tumbo likipungua upesi na pushapu nazo zikapungua, ajue amejinyima mno, aongeze chakula. Lakini tumbo likikawia, asiuchane ukurasa wa kwanza: pushapu zile 15 ni zake.