Ni Skrini Ipi Inayorekodiwa?

Ukichomeka monita ya pembeni kwenye kompyuta mpakato, wewe unaona vioo viwili. Windows huviona kama kiwanja kimoja kilichokatwa vipande viwili, kila kipande kikiwa na kona yake inayotambulika kwa namba. Programu ya kurekodi inapokuuliza ichukue skrini ipi, maana yake ni kipande kipi cha kiwanja hicho. Haijui umekaa wapi wala unatazama kioo gani. Ndiyo maana mtu anaweza kufundisha saa nzima mbele ya monita kubwa, kisha akakuta faili limejaa picha ya mandhari ya kompyuta mpakato, na sauti yake ikieleza kitu kisichoonekana.

Tuchukue mwalimu wa hisabati anayetaka kurekodi somo la milinganyo kwa ajili ya wanafunzi wake. Ana kompyuta mpakato yenye kioo cha pikseli 1366 kwa 768, na upande wake wa kushoto mezani ameweka monita ya pikseli 1920 kwa 1080. Slaidi zake ziko kwenye PowerPoint, na anarekodi kwa OBS Studio, programu ya bure inayotumiwa na wengi kwa kazi hii. Anataka slaidi zionekane kwenye monita, ndizo zirekodiwe, na kioo cha kompyuta abaki nacho yeye kwa ajili ya kusoma maelezo yake.

Kabla hata ya kufungua OBS, abonyeze kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P. Hapo atapewa njia nne za kutumia skrini. Akiwa kwenye Duplicate, vioo vyote viwili vinaonyesha kitu kilekile na hakuna cha kuchagua. Hali hii hutokea sana kompyuta inapochomekwa kwenye projekta ya ukumbini. Anachohitaji yeye ni Extend, ambapo kila kioo kinabeba mambo yake.

Hatua inayofuata ni kwenda Settings, kisha System, kisha Display. Juu ya ukurasa huo kuna miraba miwili yenye namba 1 na 2, na kitufe cha Identify. Akikibofya, namba kubwa hujitokeza kwa muda kwenye kila kioo. Watu wengi huishia hapo: wanaona monita yao ni namba 2, wanakwenda kwenye programu ya kurekodi na kutafuta namba 2. Wakati mwingine inakubali. Lakini namba hiyo ni ya ukurasa huo wa mipangilio, na programu nyingine inaweza kuzihesabu skrini kwa mpangilio wake yenyewe. Mimi nisingeiamini. Kwenye ukurasa huo kuna jambo jingine lenye manufaa zaidi: ile miraba inaburutwa kwa kipanya. Kwa kuwa monita iko kushoto mezani, mraba wake nao uwekwe kushoto. Usipowekwa hivyo, mwalimu atasukuma kishale kushoto kigonge ukingo, huku njia ya kuingia kwenye monita iko kulia.

Sasa afungue OBS. Kwenye kisanduku cha Sources anabofya alama ya kujumlisha, anachagua Display Capture, na dirisha linalofunguka lina orodha iitwayo Display. Kila skrini ina mstari wake, na mstari huo unasema mengi kuliko namba. Kwa mwalimu wetu, sehemu ya mwisho ya mistari hiyo miwili itasomeka hivi:

```
1366x768 @ 0,0 (Primary Monitor)
1920x1080 @ -1920,-312
```

Namba za kwanza ni ukubwa wa skrini kwa pikseli. Zinazofuata alama ya @ ni mahali ilipo kona ya juu kushoto ya skrini hiyo ndani ya kile kiwanja kikubwa. Skrini kuu ndiyo kipimo cha zote, kwa hiyo kona yake siku zote ni 0,0. Monita imekaa kushoto kwake, na yenyewe ina upana wa pikseli 1920, basi kona yake inaanzia pikseli 1920 nyuma ya sifuri, na hapo ndipo inapotoka ile alama ya kutoa. Namba -312 inatokana na urefu: vioo vimepangwa vikalingana chini, monita ina urefu wa 1080 na kompyuta 768, kwa hiyo monita inazidi juu kwa pikseli 312. Kama monita ingekuwa kulia, tungeona 1366 mahali pa -1920.

Mbele ya neno zima huwa kuna jina pia, mara nyingi la aina ya monita. Jina husaidia pale monita inapokuwa moja. Ofisini penye monita mbili za aina ileile majina yanafanana, na hapo kinachozitofautisha ni namba za mahali. Ukiwa na vioo viwili vyenye ukubwa sawa kabisa, jambo linalotokea sana, usiangalie ukubwa. Angalia alama ya kutoa na yale maneno Primary Monitor.

Akishachagua, ithibati iko mbele yake. Akiona ndani ya OBS kuna OBS nyingine, na ndani yake nyingine ndogo zaidi, zikirudiana bila mwisho, ajue anairekodi skrini ileile ambayo OBS imefunguka. Wengi hudhani kompyuta imeharibika, kumbe ni dalili nzuri kuliko zote. Kama OBS iko kwenye kioo cha kompyuta mpakato, basi amechagua kioo cha kompyuta mpakato, na inabidi arudi kwenye orodha achague mstari wa pili. Asipoona marudio hayo, apeleke kishale kwenye monita akizungushe pale. Kikizunguka pia ndani ya OBS, amepata.

Kuna hali moja inayowafanya watu waache chaguo sahihi wakidhani wamekosea. OBS ina turubai yake, yaani eneo la picha litakalotoka kwenye video, na ukubwa wake umeandikwa kwenye Settings, Video, mstari wa Base (Canvas) Resolution. Turubai ikiwa 1366x768 na skrini inayochukuliwa ni 1920x1080, video itaonyesha kona ya juu kushoto tu ya monita, na nusu ya mlinganyo itabaki nje. Kinyume chake, skrini ndogo kwenye turubai kubwa huacha weusi kulia na chini. Mwalimu aweke turubai 1920x1080, abofye picha ya skrini ndani ya OBS, kisha abonyeze Ctrl na F ili ikae sawasawa.

Halafu kuna PowerPoint, nayo ina uamuzi wake. Inapoona skrini mbili, huweza kugawa kazi: onyesho la slaidi linakwenda skrini moja, na nyingine inapata Presenter View, ukurasa wa mwalimu wenye maelezo yake, saa, na slaidi inayofuata. Kwa hiyo mwalimu anaweza kuwa amechagua monita kwa usahihi kabisa kwenye OBS, halafu anapoanza onyesho PowerPoint ikamwekea slaidi kwenye kompyuta na maelezo kwenye monita. Wanafunzi wataona majibu ya mazoezi kabla ya maswali. Asiguse OBS. Afungue kichupo cha Slide Show, na kwenye orodha ya Monitor aache Automatic, achague ile monita ya pembeni yeye mwenyewe. Kama onyesho limeshaanza, ndani ya Presenter View kuna Display Settings, na chini yake Swap Presenter View and Slide Show, inayobadilishana skrini hizo mbili papo hapo.

Kwa kuwa Presenter View itafunika kioo chote cha kompyuta, kitufe cha OBS cha kuanza kurekodi kitafichika. Ni bora aende Settings, Hotkeys, na kuchagua vitufe viwili vitatu vya kibodi vya kuanzisha na kusimamisha rekodi, akiepuka mishale na herufi ambazo PowerPoint inazitumia.

Tatizo gumu zaidi ni weusi: umechagua skrini inayofaa, na OBS inaonyesha giza tupu. Kompyuta mpakato nyingi zenye nguvu zina chipu mbili za michoro, moja ndani ya prosesa na nyingine, kwa mfano ya NVIDIA, iliyo peke yake. Kioo cha kompyuta kwa kawaida huhudumiwa na ya kwanza. Tundu la HDMI, kwenye baadhi ya kompyuta, limeunganishwa na ya pili. Njia moja ambayo OBS hutumia kuchukua picha, DXGI Desktop Duplication, huona tu skrini za chipu ile ambayo OBS yenyewe inaendeshewa. Matokeo yake kioo kimoja kinaonekana na kingine ni cheusi, na ukiihamisha OBS kwenye chipu nyingine, vinabadilishana.

Dawa iko kwenye dirisha lilelile la Display Capture, mstari wa Capture Method. Ukiwa kwenye Automatic, matoleo ya karibuni hujaribu kulimaliza jambo hili yenyewe. Giza likibaki, chagua Windows 10 (1903 and up), njia isiyojali skrini iko kwenye chipu ipi. Kwenye Windows 10 njia hiyo huchora mstari wa njano kuzunguka skrini inayochukuliwa. Wapo wanaoulalamikia kuwa unaudhi macho. Mimi naona ni alama bora, kwa sababu unajibu swali letu lote bila kufungua orodha yoyote. Lakini weusi ukiwa ndani ya dirisha moja tu, tuseme la filamu ya kulipia, na sehemu nyingine zote zinaonekana, chipu haina kosa. Huo ni ulinzi wa hakimiliki, na hakuna mpangilio wa skrini utakaouondoa.

Kinachobaki ni rekodi ya majaribio ya sekunde kumi, na ifanyike onyesho la slaidi likiwa limeshaanza, si kabla, kwa sababu PowerPoint hupanga mambo yake dakika hiyo ya mwisho. Mwalimu aseme maneno machache, asogeze slaidi mbili, asimamishe, kisha afungue faili lenyewe alitazame. Na kama usiku alichomoa waya wa HDMI, au alifunika kompyuta, arudie jaribio hilo asubuhi: akiwa amebadilisha tundu au upande wa monita, mstari uliosomeka -1920 jana unaweza leo kusomeka 1366.