Umebeba Riali Nyumbani? Piga Hesabu Kabla ya Kubadilisha

Wengi wetu tunaotoka Maskati kwenda likizo tunatua Dar na riali mfukoni, na anayetuwahi kwa "unabadilisha, bosi?" ni yule wa mtaani. Kisheria, kazi hiyo ni ya wenye leseni ya Benki Kuu tu. Wa mtaani hatoi risiti, hivyo ukipunjwa huna pa kushika. Lakini tunajua watu bado wanakwenda kwake, basi tuangalie hela inapotelea wapi.

Ujanja wa kwanza uko kwenye reti. Dola anakutajia bei nzuri kwa sababu anajua unaijua. Riali anakutajia anayotaka, kwa sababu wengi hawana pa kulinganishia. Kumbe kipimo kipo: Oman imefunga riali yake kwa dola, na tangu 1986 riali moja ni takriban dola 2.60. Kwa hiyo chukua reti ya dola aliyokutajia mwenyewe, zidisha kwa 2.6.

Tuseme amesema dola ananunua kwa shilingi 2,500. Riali ingepaswa kukaribia 6,500. Yeye anasema 5,900, na anaongeza kwamba "riali hazina soko siku hizi." Kupungua kidogo ni kawaida, maana naye anatafuta faida. Lakini hapa pengo ni shilingi 600 kwa kila riali. Ukiwa na riali 300, umeacha shilingi 180,000 mezani kwake. Uliza pia kama reti hiyo ni ya noti zote, maana wengine husubiri utoe hela ndipo waseme noti ndogo au zilizochakaa zina bei yake.

Ujanja wa pili uko kwenye shilingi unazopewa. Riali 300 kwa 6,500 ni shilingi 1,950,000, yaani noti 195 za elfu kumi. Noti bandia huchomekwa katikati ya bunda, si juu. Usishike bunda na kuondoka. Hesabu moja moja, na kila noti ipapase: karatasi halali ni ngumu kidogo na maandishi yake yanakwaruza kidole. Inayoteleza, itoe pembeni uinyanyue kwenye mwanga. Lazima uone sura ya Mwalimu Nyerere ndani ya karatasi. Ikiwa sura hiyo inaonekana wazi hata noti ikiwa imelala mezani, basi imechapwa juu tu.

Ukishamaliza kuhesabu, bunda lisirudi mkononi mwake. Akisema "lete nikuongezee kidogo," mwambie aweke hiyo nyongeza mezani. Likirudi kwake, noti kadhaa huchomolewa chini wakati anakuongezea moja juu. Likirudi kwa sababu yoyote ile, anza kuhesabu upya, na riali zako zisitoke mfukoni mpaka hesabu ikamilike.