Mshahara wa 45,000: Kwa Nini Makato Huja Kabla ya Kodi

Ukiwa na wafanyakazi watatu au wanne, kutuma mshahara kwa simu huchukua dakika chache tu. Kazi iko kwenye hesabu inayotangulia: ukate ngapi, ukianzia wapi, na ubaki na nini cha kutuma. Leo tutengeneze kikokotoo kidogo ambacho unaweza kukiweka kwenye Excel au Google Sheets kwa simu yako, kisha tuone mahali ambapo waajiri wengi wadogo huteleza.

Tuchukue mfano wa hoteli ndogo ya chakula mjini Nakuru. Mpishi mkuu analipwa shilingi 45,000 kwa mwezi kabla ya makato, na mhudumu analipwa 20,000. Tuanze na mpishi.

Makato matatu ya kwanza

Kabla ya kugusa kodi ya PAYE, kuna pesa tatu za kukata. Ya kwanza ni NSSF, ile akiba ya uzeeni, ambayo ni asilimia 6 ya mshahara. Kwa mpishi wetu ni shilingi 2,700. NSSF ina kikomo cha juu: tangu Februari 2025 sehemu ya mshahara iliyozidi 72,000 haikukatwa, na Februari 2026 kikomo hicho kikapanda hadi 108,000. Kwa mshahara wa 45,000 kikomo hakikuhusu.

Ya pili ni SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75. Hiyo ni 1,237.50. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300, kwa hivyo hata mtu wa kibarua cha nusu siku anayelipwa 10,000 anakatwa 300, si 275. Ya tatu ni ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, yaani 675.

Ukijumlisha zote unapata 4,612.50. Ziondoe kwenye 45,000 na zinabaki 40,387.50. Hizi ndizo pesa zinazotozwa kodi.

Hapa ndipo watu huteleza. Hadi Desemba 2024, SHIF na ushuru wa nyumba havikuondolewa kabla ya kodi. Sheria ilibadilika tarehe 27 Desemba 2024, na sasa yote matatu yanatoka kwanza. Ukitumia kikokotoo cha zamani ulichotumiwa na rafiki, au ukipiga kodi moja kwa moja kwenye 45,000, mfanyakazi wako ndiye anayeumia.

Kodi hupandwa kama ngazi

Kodi ya PAYE haitozwi kwa kiwango kimoja kwa pesa zote. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25. Zinazozidi 32,333 hutozwa asilimia 30, mpaka kufika 500,000. Juu ya hapo kuna ngazi nyingine mbili, lakini biashara nyingi ndogo hazifiki huko.

Kwa mpishi wetu, ngazi ya kwanza inatoa 2,400. Ya pili inatoa 2,083.25. Zinabaki 8,054.50 kwenye ngazi ya tatu, na asilimia 30 yake ni 2,416.35. Jumla ni 6,899.60. Kutoka hapo unaondoa afueni ya kibinafsi ya shilingi 2,400 ambayo kila mfanyakazi mkazi anapata kwa mwezi. PAYE yake ni 4,499.60.

Mshahara wa kumtumia basi ni 45,000 toa 4,612.50 toa 4,499.60, yaani 35,887.90.

Ungepiga kodi kwenye 45,000 nzima, PAYE ingekuwa 5,883.35. Tofauti ni shilingi 1,383.75 kila mwezi, na kwa mwaka inafika 16,605. Hizo si senti za kupuuza kwa mtu anayelipa karo.

Ngazi hizi pia zinajibu hofu ya wafanyakazi wengi, kwamba wakiongezwa mshahara kidogo wataingia ngazi ya juu na kupeleka nyumbani pesa kidogo kuliko mwanzo. Haiwezekani. Ukivuka 32,333, ni zile shilingi zilizovuka tu ndizo zinazotozwa asilimia 30. Zilizo chini zinabaki palepale.

Iandike mara moja, itumie kila mwezi

Kwenye kisanduku cha B1 andika mshahara kabla ya makato. Kwenye E1 andika kikomo cha NSSF cha mwaka huo. Kisha jaza hivi:

```
B2: =MIN(B1,E1)*6%
B3: =MAX(300,B1*2.75%)
B4: =B1*1.5%
B5: =B1-B2-B3-B4
B6: =MAX(0,B5*10%+MAX(0,B5-24000)*15%+MAX(0,B5-32333)*5%-2400)
B7: =B5-B6
```

B2 ni NSSF, B3 ni SHIF, B4 ni ushuru wa nyumba, B5 ni pesa za kutozwa kodi, B6 ni PAYE na B7 ni pesa za mkononi. Usishangae kuona 15% na 5%. Hizo ni nyongeza za kila ngazi: 10 jumlisha 15 ni 25, jumlisha 5 ni 30. Fomula hii inatosha mpaka B5 ifike 500,000.

Jaribu na 45,000. Ukipata 35,887.90 kwenye B7, uko sawa. Sasa jaribu na mhudumu wa 20,000. Makato yake matatu ni 2,050 na zinabaki 17,950. Kodi yake ni 1,795, ambayo ni ndogo kuliko afueni ya 2,400, kwa hivyo PAYE ni sufuri. Ukiona PAYE ikisoma namba ya kutoa, umesahau ile MAX(0 ya mwanzo. Anapokea 17,950.

Ujumbe wa simu si hati ya mshahara

Ujumbe wa kuthibitisha malipo unaonyesha tu kiasi kilichofika. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mfanyakazi apewe maelezo ya maandishi yanayoonyesha mshahara wake, kila kilichokatwa na kinachobaki. Unaweza kumtumia hati fupi kama hii:

Mshahara kabla ya makato: 45,000.00
NSSF: 2,700.00
SHIF: 1,237.50
Ushuru wa nyumba: 675.00
PAYE: 4,499.60
Mshahara wa mkononi: 35,887.90

Juu yake weka jina la biashara, jina la mfanyakazi na mwezi. Hakikisha kiasi ulichotuma kwa simu kinalingana na mstari wa mwisho. Gharama ya kutuma ni yako wewe mwajiri, usiichomoe humo.

Kumbuka pia kwamba mpishi wa 45,000 anakugharimu zaidi ya 45,000. Unamwongezea NSSF nyingine ya 2,700 na ushuru wa nyumba mwingine wa 675 kutoka mfukoni mwako, na jumla inafika 48,375. SHIF hulipwa na mfanyakazi peke yake. Pesa zote ulizokata na ulizoongeza zinatakiwa kufika KRA, SHA na NSSF kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kuisha, kwa hivyo ukimaliza kutuma mishahara, zitenge siku hiyohiyo. Zikikaa pamoja na pesa za mauzo, tarehe 9 itakukuta umeshanunua nazo unga na mafuta.